Bao la Nne la Uyo

Usiku wa tarehe 14 Oktoba 2025, katika uwanja wa Uyo kusini mwa Nigeria, wenyeji walikuwa wanaongoza mabao matatu kwa bila dhidi ya Benin. Victor Osimhen alikuwa amefunga yote matatu. Dakika tisini zilikuwa zimekwisha, Benin walikuwa hoi, na kwa mtazamaji wa kawaida mchezo ulikuwa umeamuliwa zamani. Hata hivyo Nigeria waliendelea kushambulia kama timu iliyo nyuma. Katika dakika za nyongeza Frank Onyeka akapiga shuti, mpira ukajaa wavuni, ikawa nne kwa bila.

Bao lile halikubadilisha chochote kwenye msimamo wa kundi. Afrika Kusini walikuwa wanashinda mechi yao na wangemaliza wa kwanza, na Nigeria wangekuwa wa pili kwa mabao matatu au kwa manne. Timu iliyoumizwa na bao la Onyeka haikuwa uwanjani Uyo, wala haikuwa katika kundi hilo. Ilikuwa Burkina Faso, ambayo ilikuwa imemaliza mechi zake zote siku mbili kabla na kubaki kusubiri matokeo ya wengine.

Ili kuelewa jambo hilo lilivyowezekana, inabidi turudi nyuma hadi Julai 2023, siku makundi ya Afrika yalipopangwa.

Kombe la Dunia la 2026 lina timu 48. FIFA iligawa nafasi hizo kwa mashirikisho ya mabara kabla mpira haujachezwa: Ulaya 16, Afrika tisa, Asia nane, Amerika ya Kusini sita, Amerika ya Kaskazini na Karibi sita pamoja na wenyeji watatu, Oceania moja. Hizo ni 46. Mbili zilizobaki zikaachwa zigombewe na timu sita kutoka mabara mbalimbali katika mchujo wa mwisho, na Afrika ikapewa haki ya kupeleka timu moja huko. Ndiyo maana watu husema Afrika ina nafasi tisa na nusu.

CAF ina wanachama 54. Waligawanywa katika makundi tisa ya timu sita, na mshindi wa kila kundi angekwenda moja kwa moja. Lakini droo haikuwa bahati nasibu tupu. Timu zote zilipangwa kwa viwango vya FIFA kutoka juu hadi chini, kisha zikakatwa mafungu tisa tisa na kuwekwa katika vyungu sita. Chungu cha kwanza kilikuwa na wakubwa tisa: Morocco, Senegal, Tunisia, Algeria, Misri, Nigeria, Cameroon, Cote d'Ivoire na Mali. Kila kundi lilichukua timu moja kutoka kila chungu. Kwa hiyo Morocco na Senegal hawakuweza kukutana katika makundi hata kama mkono wa mchezesha droo ungetaka.

Tanzania ilikuwa chungu cha nne. Maana yake, kabla ya kufahamu itacheza na nani, ilikwishajua kwamba kundini mwake kutakuwa na timu tatu zilizo juu yake kwa viwango. Ikaangukia kwa Morocco, Zambia na Congo Brazzaville, na chini yake wakawekwa Niger na Eritrea. Kenya na Burundi zikajikuta katika kundi moja pamoja na Cote d'Ivoire na Gabon.

Sasa tazama kilichotokea miaka miwili baadaye. Kati ya washindi tisa wa makundi, sita walitoka chungu cha kwanza: Morocco, Senegal, Tunisia, Algeria, Misri na Cote d'Ivoire. Watatu walitoka chungu cha pili: Afrika Kusini, Ghana na Cape Verde. Hakuna hata mmoja kutoka chungu cha tatu kwenda chini. Washindi wa pili wanne waliopelekwa kwenye mchujo nao walitoka humo humo: Nigeria na Cameroon chungu cha kwanza, Gabon na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo chungu cha pili. Watu wengi huichukulia droo kama sherehe ya kuanzia safari. Kwa timu iliyo chungu cha nne, droo ni mlima wa kwanza, na ni mlima uliojengwa na matokeo ya miaka iliyotangulia.

Nimesema washindi wa pili wanne. Makundi yalikuwa tisa, kwa hiyo walikuwepo washindi wa pili tisa, na ilibidi wanne bora wachaguliwe. Hapo ndipo penye fundo. Kulinganisha timu mbili za kundi moja ni rahisi, maana zimecheza na wapinzani wale wale. Kulinganisha timu ya kundi A na timu ya kundi C ni jambo jingine, hasa kama makundi hayalingani kwa idadi ya timu.

Na hayakulingana. Novemba 2023, kabla mechi ya kwanza haijachezwa, Eritrea ilijitoa. Kundi lake, lile la Tanzania na Morocco, likabaki na timu tano. Mshindi wa pili wa kundi hilo angecheza mechi nane tu, huku wenzake wa makundi mengine wakicheza kumi. Ingekuwa dhuluma kumnyima mtu mechi mbili kisha kumpima kwa pointi. Dawa iliyotumika ni ile inayojulikana katika mashindano mengi: kwa kila mshindi wa pili wa kundi la timu sita, futa matokeo yake yote dhidi ya timu iliyoshika mkia. Kila mmoja abaki na mechi nane, ndipo mlinganishe.

Dawa hiyo ni ya haki kwa kundi lililopungukiwa. Kwa Burkina Faso ilikuwa chungu kupita kiasi.

Burkina Faso walimaliza wa pili nyuma ya Misri wakiwa na pointi 21, wamefunga mabao 23 na kufungwa manane. Mkiani mwa kundi lao walikuwa Jibuti, ambao Burkina waliwafunga 4-1 na 6-0. Futa mechi hizo mbili. Zinaondoka pointi sita na tofauti ya mabao tisa. Burkina wanabaki na pointi 15, tofauti ya mabao sita.

Nigeria walimaliza wa pili nyuma ya Afrika Kusini wakiwa na pointi 17 tu. Mkia wa kundi lao ulishikwa na Zimbabwe, ambao Nigeria walishindwa kuwafunga mara zote mbili: 1-1 kule, 1-1 huku. Futa mechi hizo. Zinaondoka pointi mbili, na tofauti ya mabao haiguswi kabisa, kwa sababu sare haina tofauti. Nigeria nao wanabaki na pointi 15, tofauti ya mabao saba.

Saba dhidi ya sita. Timu iliyotangulia kwa pointi nne kwenye msimamo halisi ikaachwa nyuma na timu iliyoshindwa kuifunga Zimbabwe. Mechi mbili mbaya kabisa za Nigeria zilifutwa, na mechi mbili tamu kabisa za Burkina zikafutwa vilevile.

Na sasa bao la nne la Uyo linaonekana uzito wake. Kama mechi ingeisha 3-0, Nigeria wangekuwa na tofauti ya mabao sita, sawasawa na Burkina. Kipimo kinachofuata ni mabao ya kufunga. Ukishaondoa mechi za timu za mkiani, Burkina walikuwa na mabao 13 na Nigeria wangekuwa na 12. Burkina wangekwenda kwenye mchujo. Onyeka aliwafungia Nigeria bao moja, na bao hilo likawafungia mlango watu wa Ouagadougou waliokuwa nyumbani kwao.

Mashabiki wetu hawahitaji kwenda mbali kuona hesabu ya namna hii, maana Taifa Stars waliishi ndani yake katika AFCON ya Morocco mwishoni mwa 2025. Kwanza walifuzu kwa njia iliyo wazi zaidi: makundi kumi na mawili ya timu nne, wawili wa juu wanakwenda. Tarehe 19 Novemba 2024 Simon Msuva aliifunga Guinea bao moja jijini Dar es Salaam, Tanzania ikamaliza na pointi kumi dhidi ya tisa za Guinea, kazi ikaisha. Lakini fainali zenyewe zina timu 24 katika makundi sita, na hatua ya mtoano inahitaji timu 16. Wawili wa juu kila kundi ni 12. Wanne waliobaki wanatafutwa miongoni mwa walioshika nafasi ya tatu.

Tanzania walifungwa na Nigeria 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha 1-1 na Tunisia kwa bao la Feisal Salum mapema kipindi cha pili. Pointi mbili, hakuna ushindi. Angola, wa tatu katika kundi jingine, nao walikuwa na pointi mbili: 2-1 waliyofungwa na Afrika Kusini, 1-1 na Zimbabwe, 0-0 na Misri. Wote wawili walikuwa na deni la bao moja. Tofauti ni kwamba Tanzania walikuwa wamefunga mabao matatu na Angola mawili. Stars wakavuka kwenda kukutana na Morocco. Lile bao la Nigeria lililorudishwa katika mechi ya kwanza, ambalo usiku ule lilionekana halina faida kwa kuwa mechi ilipotea, ndilo lililowapeleka. Kocha anayeelewa mfumo huu hamruhusu mchezaji kuregea anapokuwa nyuma kwa bao moja au mbele kwa matatu.

Turudi kwenye wale wanne wa mchujo wa Afrika. Walikutanishwa Rabat, Novemba 2025, nusu fainali mbili na fainali moja, zote mechi moja moja. Nani acheze na nani haikuamuliwa kwa pointi za makundi. Iliamuliwa kwa viwango vya FIFA: wa juu kabisa acheze na wa chini kabisa, wawili wa kati wakutane. Nigeria walikuwa wa 41 duniani, Cameroon wa 54, DRC wa 60, Gabon wa 77. Kwa hiyo Nigeria na Gabon, Cameroon na DRC.

Hapa nina neno. Gabon walikuwa wamekusanya pointi 25 kundini, nyingi kuliko wote wanne. Hata baada ya kufuta mechi za Shelisheli walibaki na 19, na aliyewafuata alikuwa na 16. Ndio waliofanya kazi bora katika mechi za kufuzu zenyewe, lakini wakapewa mpinzani mgumu kuliko wote kwa sababu ya historia iliyo nje ya mechi hizo. Nigeria, ambao waliingia kwa bao la dakika ya mwisho, ndio walioheshimiwa kama vinara. Mimi naona pointi za kundi zilistahili kutumika hapo. Ukishamwambia mtu akimbie miaka miwili, mpangie mchujo kwa mbio hizo hizo alizokimbia.

Nigeria waliwafunga Gabon 4-1 baada ya muda wa ziada. DRC waliwatoa Cameroon 1-0, bao la nahodha Chancel Mbemba dakika za nyongeza. Fainali ikawa Nigeria na DRC. Onyeka yule yule alifunga mapema, Meschak Elia akasawazisha, na dakika 120 zikaisha 1-1. Mwishoni kabisa mwa muda wa ziada kocha Sébastien Desabre alimtoa kipa wake akamwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti tu. Fayulu akaokoa mbili, Mbemba akapiga ya mwisho, DRC wakashinda 4-3.

Inafaa kukumbuka kwamba DRC hawakupaswa kuwa Rabat hata kidogo. Septemba 2025 mjini Kinshasa walikuwa wanaongoza kundi lao na wanaifunga Senegal 2-0. Wakafungwa 3-2. Senegal wakamaliza na pointi 24, DRC 22. Kama mechi ile ingeisha sare tu, DRC wangekuwa na 23 na Senegal 22, na tiketi ingekwenda Kinshasa bila mchujo wowote. Gharama ya bao lile la tatu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na tutaiona mbele kidogo.

Kwanza hivi viwango vinavyotajwa kila mahali, vinapatikanaje? Tangu 2018 FIFA hutumia hesabu ambayo kiini chake ni rahisi. Kabla ya mechi, pointi za timu mbili zinalinganishwa na kutoa matarajio: huyu anategemewa kiasi gani kushinda. Baada ya mechi, ukifanya zaidi ya ulivyotegemewa unaongezewa, ukifanya pungufu unakatwa, na unachopata wewe ndicho anachopoteza mwenzako. Kiasi kinategemea uzito wa mechi. Mechi ya kirafiki katika wiki rasmi za kimataifa ina uzito wa 10, ya kufuzu AFCON au Kombe la Dunia 25, fainali za bara 35 na kupanda hadi 40 kuanzia robo fainali, Kombe la Dunia 50 hadi 60.

Chukua timu mbili zinazopishana kwa pointi 300, ndogo na kubwa, katika mechi ya kufuzu. Ndogo inategemewa kupata karibu robo tu ya alama. Ikishinda inaongezewa pointi 19, na sare inaipa sita na nusu. Ikifungwa inapoteza sita tu. Ushindi kama huo ukiwa wa kirafiki unaleta saba na nusu hivi. Ndiyo sababu shirikisho linalotaka kupanda chungu hupata faida kubwa kwa kumsumbua mkubwa mara moja katika mechi ya kufuzu kuliko kuwakusanya wadogo wa kuwafunga katika mechi za kirafiki, ambako pointi zinazopatikana ni chache na moja ya kupoteza inauma sana.

Mfumo wa zamani uliweza kuchezewa. Zamani wastani ulihesabiwa kwa mechi zote, na ya kirafiki ilishusha wastani huo hata ukishinda. Poland waliligundua hilo, wakapunguza mechi za kirafiki, wakaingia chungu cha kwanza cha Kombe la Dunia la 2018. Uwanjani wakashika mkia katika kundi lenye Colombia, Japani na Senegal. Mfumo wa sasa umeziba tundu hilo kwa kiasi kikubwa.

Ushindi wa Rabat uliwapandisha DRC hadi nafasi ya 56, na kupanda huko kukawalipa papo hapo. Mchujo wa mabara ulipangwa kufanyika Mexico Machi 2026 kwa timu sita: DRC, Iraki, Jamaika, Bolivia, Suriname na Kaledonia Mpya. Nafasi mbili, njia mbili. Wawili wa juu kwa viwango, DRC na Iraki, waliwekwa moja kwa moja katika fainali za njia hizo, wakihitaji kushinda mechi moja. Wanne wa chini walitakiwa kushinda mbili. DRC wakapangiwa mshindi kati ya Kaledonia Mpya na Jamaika. Hiyo ndiyo faida ya kuwa kinara katika mchujo: mechi moja pungufu, na mpinzani anayekuja akiwa amekwishachoka.

Kisha ikaja droo ya fainali zenyewe, Washington, tarehe 5 Desemba 2025, vyungu vinne vya timu kumi na mbili. Wenyeji watatu waliwekwa chungu cha kwanza bila kujali viwango, pamoja na tisa bora wa dunia waliofuzu. Timu mbili za shirikisho moja hazikuruhusiwa kundi moja, isipokuwa Ulaya kwa sababu ya wingi wao. Na safari hii wanne wa juu kabisa, Uhispania, Argentina, Ufaransa na Uingereza, waligawanywa katika pembe nne za ratiba ili kila mmoja akishinda kundi lake wasikutane kabla ya nusu fainali.

Lakini siku hiyo nafasi sita zilikuwa bado hazina wenyewe: nne za mchujo wa Ulaya na mbili za mchujo wa mabara. FIFA haikungoja. Ilizitupa zote chungu cha nne, hata kama angepita mtu mwenye kiwango cha juu. Kwa DRC hilo lina maana iliyo wazi. Katika orodha ya Novemba chungu cha tatu kilishuka hadi Saudi Arabia waliokuwa wa 60 na Afrika Kusini wa 61. Timu ya 56 iliyofuzu moja kwa moja ingekaa humo, na kundini ingeletewa mtu wa chungu cha nne chini yake, labda Haiti, labda Curaçao. Nafasi ya njia ya DRC ikaangukia kundi K: Ureno kutoka chungu cha kwanza, Colombia cha pili, na Uzbekistan cha tatu, waliokuwa wa 50 duniani. Hakuna timu ndogo katika kundi hilo. Bao la tatu la Senegal jijini Kinshasa lilichukua tiketi ya moja kwa moja, likaongeza mechi tatu za kufa na kupona katika nchi mbili za mbali, na likachukua pia chungu cha tatu.